Utaratibu wa Likizo, Mahudhurio na Uchelewaji: Duka na Ghala, Morogoro

Unaanza tarehe 1 Julai 2025 na unawahusu wote, wasimamizi wakiwemo.

Kazi inaanza saa 2:00 asubuhi. Saini daftari mwenyewe. Kumsainia mwenzako ni kosa kwenu wote wawili. Hadi saa 2:10 huhesabiwi umechelewa, kwa sababu daladala za asubuhi hujaa. Ukiona utapita hapo, mpigie msimamizi mapema. Kuchelewa mara tatu kwa mwezi bila sababu ya msingi ni onyo la mdomo. Ikijirudia mwezi unaofuata, onyo la maandishi. Kabla ya onyo lolote utasikilizwa, na unaweza kuja na mwenzako. Hatukati mshahara kama adhabu.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumapili zikihesabiwa, kwa mshahara kamili. Jaza fomu siku 14 kabla. Utajibiwa kwa maandishi ndani ya siku 3. Ombi likikataliwa, msimamizi aandike sababu na tarehe nyingine.

Ugonjwa: leta cheti cha daktari. Katika miezi 36, siku 63 za kwanza ni mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu.

Uzazi: mama siku 84, au 100 kwa mapacha, baba siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.