Kuhusu makopo manne kila usiku

Ndugu dereva,

Presha yako leo ni 150/95, na makopo manne ya kinywaji cha kuongeza nguvu unayokunywa kila usiku safarini Dar hadi Tunduma yanaweza kuchangia. Kopo la mililita 250 lina kafeini kama miligramu 80. Inauficha usingizi tu, haiuondoi, na ukija kulala inakukatiza usingizi. Kusinzia sekunde 4 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni karibu mita 90 bila dereva. Mlima Kitonga wenye kona kali hauna nafasi hiyo.

Ukipiga miayo mfululizo au tairi likigusa mstari, egesha mahali salama. Kunywa kikombe kimoja cha kahawa, lala papo hapo dakika 20, kisha tembea kidogo kabla ya kushika usukani. Saa 8 usiku hadi 12 alfajiri, tafadhali, uwe umelala.

Rudi Jumatatu tupime tena.

Daktari wako