Muhtasari wa sura ya picha za tiba: kila kipimo kinaona nini, kina hatari gani

Kabla ya kujaza fomu ya kuagiza kipimo, jiulize: natafuta nini hasa? Maswali mengi ya mtihani wa sura hii yanapimia hapo.

Eksirei. Mfupa huzuia mionzi, unatoka mweupe; hewa huipitisha, inatoka nyeusi. Kwa hiyo ni nzuri kwa mifupa iliyovunjika na kwa kifua: nimonia, kifua kikuu, maji kwenye mapafu. Udhaifu wake ni kwamba viungo hufunikana kwenye picha, ndiyo maana mguu hupigwa pande mbili. Mionzi ni midogo. Picha ya kifua ni takriban 0.1 mSv, yaani milisievati, kizio cha dozi ya mionzi, au pungufu.

Altrasaundi. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Ndicho kipimo cha kwanza kwa ujauzito, mawe ya nyongo na damu au maji tumboni. Gesi ya utumbo na mfupa huyakatisha mawimbi, na unene wa mgonjwa hufifisha picha. Jibu hutegemea sana mkono wa anayepima: ripoti isiyooana na mgonjwa aliye mbele yako, omba irudiwe.

CT. Ni eksirei inayopiga mwili vipande vipande kwa kompyuta. Hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Kijana kaanguka na bodaboda, anatapika, fahamu zinashuka: eksirei ya fuvu itaonyesha ufa pengine, lakini damu iliyo ndani haitaonekana. CT ya kichwa bila kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha picha, huionyesha kwa dakika chache. Kwa kiharusi pia tunaanza nayo ili kuondoa shaka ya damu. Ila kumbuka: kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kutoa CT safi saa za mwanzo, na CT safi haimaanishi hana kiharusi.

Gharama yake ni mionzi. CT ya tumbo hufika takriban 8 hadi 10 mSv, wakati mionzi ya asili kwa mwaka ni wastani wa 2.4 mSv. Watoto huathirika zaidi, kwa hiyo usiiagize kwa mazoea. Kontrasti ya ayodini huweza kuleta mzio na kuelemea figo zilizochoka. Uliza historia ya mzio, angalia kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo.

MRI. Bingwa wa uti wa mgongo, ubongo, kano na gegedu. Haina mionzi ya eksirei, lakini sumaku yake iko hai hata mashine ikiwa haipigi picha: mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingia chumbani unaruka na kuua. Uliza kila mgonjwa kuhusu betri ya moyo, klipu za ubongo na vipande vya chuma machoni. Huchukua nusu saa au zaidi, haimfai mgonjwa ambaye hali yake haijatulia. Kontrasti ya gadolinia ni ya tahadhari figo zikiwa zimeshindwa.

Nyuklia na PET. Zinaonyesha kazi ya kiungo kuliko umbo lake. Teknesiamu-99m, dawa yenye mionzi na nusu-maisha ya saa 6, hutafuta saratani iliyosambaa mifupani. PET hufuata sukari yenye mionzi, na kifua kikuu nacho huila sukari hiyo, hivyo doa linalowaka si lazima liwe saratani.