Hesabu ya oda na stoki ya akiba: filta za oili na mikanda ya feni

Wadau wa stoo na manunuzi, hii ndo hesabu ya vitu viwili vinavyotoka haraka kuliko vyote, naiandika yote hatua kwa hatua ili mtu yeyote akitaka kuibishia aone namba imetoka wapi. Naanza na filta za oili maana hizo ndo zinatuishia kila mara, halafu wakati huohuo tunalalamika stoo imejaa.

Data kwanza. Nimechukua mauzo ya kila siku ya miezi 6, nikatoa siku ambazo filta zilikuwa zimeisha kabisa, kwa sababu siku hiyo rekodi inasema sifuri lakini wateja walikuja wakaondoka, ukiiacha hiyo sifuri wastani unashuka na mwezi ujao unaagiza kidogo tena, na zinaisha tena. Pia nimetoa ile oda moja ya mteja mkubwa aliyebeba mzigo wa wiki nzima kwa mara moja, hiyo iwe inaagizwa peke yake. Kilichobaki: wastani wa filta 40 kwa siku, mchepuko sanifu 12. Siku za kazi 300 kwa mwaka, kwa hiyo mahitaji ya mwaka ni 12,000.

Saplaya nimempima kwa oda 12 zilizopita, kuanzia siku tunatuma oda mpaka mzigo umekaguliwa na umeingia rafu. Sio siku lori limefika getini! Wastani siku 9 za kazi, mchepuko siku 3, ya haraka kabisa ilichukua 5 na ya kuchelewa kabisa 15. Angalieni hapa, yeye anahesabu siku za kalenda na sisi mauzo yetu ni ya siku za kazi, lazima vyote viwe kipimo kimoja, ukichanganya hesabu yote inaharibika bila wewe kujua.

Gharama ya kuagiza mara moja (makaratasi, simu, usafiri, kupokea, kukagua) ni 60. Filta moja tunanunua kwa 8, na kuiweka stoo mwaka mzima inatugharimu asilimia 25 ya hiyo bei, yaani 2, humo kuna pesa iliyolala, nafasi, bima na zinazoharibika.

Sasa kiasi nafuu cha oda. Fomula ni ileile ya Harris ya 1913, mahitaji ya mwaka mara gharama ya oda mara mbili, gawa kwa gharama ya kutunza kimoja, halafu kipeuo cha pili:

```
=SQRT(2*12000*60/2)
```

Inakuja 848.5. Katoni ina filta 50, kwa hiyo tunaagiza katoni 17, yaani 850. Hiyo ni oda kama 14 kwa mwaka, moja kila siku 21 za kazi hivi. Gharama ya kuagiza inakuwa 847 na ya kutunza 850, jumla 1,697. Msigombane sana juu ya hii 850 lakini. Tukiagiza 600 jumla ni 1,800, tukiagiza 1,200 jumla ni 1,800 vilevile, tofauti ya asilimia 6 tu, kwa hiyo saplaya akitoa punguzo la maana kwa 1,000 tuchukue, fomula haivunjiki. Penye kuumiza ni pengine.

Penye kuumiza ni stoki ya akiba. Mpaka sasa tulikuwa tunaweka 75 kwa sababu mtu alipiga hesabu ya mauzo yanavyopanda na kushuka peke yake, kwamba mchepuko 12 mara kipeuo cha 9 ni 36, zidisha 2.054 ya huduma ya asilimia 98, unapata 74. Hesabu yenyewe iko sawa ila inachukulia kwamba saplaya analeta siku ya 9 kila mara, na hajawahi kuwa hivyo. Muda wake nao unayumba na lazima uingie:

```
=SQRT(9*12^2 + 40^2*3^2)     -> 125.3
=NORM.S.INV(0.98)            -> 2.054
=ROUNDUP(2.054*125.3, 0)     -> 258
```

Ndani ya kipeuo kuna sehemu mbili, ya wateja ni 1,296 na ya saplaya ni 14,400. Yaani karibu asilimia 92 ya wasiwasi wote unatoka kwa saplaya kuyumba, wateja wetu wametulia kabisa jamani, tumekuwa tukiwalaumu bure. Stoki ya akiba ni 258, na kiwango cha kuagiza tena ni 40 mara 9, yaani 360, jumlisha 258, jibu 618. Zikifika 618 oda inatoka siku hiyohiyo. Na hiyo 618 ni zilizopo rafuni pamoja na zilizo njiani, toa zile tunazodaiwa na wateja, sio za rafuni peke yake, la sivyo mtaagiza mara mbili.

Hiyo asilimia 98 maana yake ni kwamba katika mizunguko 100 ya oda, 2 tunaweza kuishiwa kabla mzigo haujaingia. Haimaanishi wateja 2 kati ya 100 wanakosa, hapana, kwa filta zenyewe tunakosa chini ya moja kwa wastani kila mzunguko. Ukitaka asilimia 99 akiba inapanda mpaka 292, kwa kitu hiki sioni haja.

Manunuzi, hili ni lenu. Kuna wazo la kumbana saplaya alete kwa siku 5 badala ya 9. Nimepiga: akileta kwa wastani wa siku 5 lakini bado anayumba siku 3, akiba inashuka kutoka 258 mpaka 253. Tano tu! Lakini akibaki na siku 9 zake halafu mchepuko ukashuka mpaka siku 1, akiba inakuwa 111, na gharama ya kuitunza inatoka 516 mpaka 222 kwa mwaka. Kwa hiyo kwenye mazungumzo msiombe haraka, ombeni tarehe anayoishika, hata kama ni ya mbali kidogo.

Mikanda ya feni ni kinyume chake kabisa. Tunauza 15 kwa siku, mchepuko 9, saplaya siku 4 na anayumba nusu siku tu. Mwaka 4,500, kuagiza 60, kutunza 3, oda inakuja 424. Kuyumba kwa kipindi cha kusubiri:

```
=SQRT(4*9^2 + 15^2*0.5^2)    -> 19.5
```

Akiba 41, kiwango cha kuagiza 60 + 41 = 101. Hapa asilimia 85 ni wateja, kumsumbua saplaya hakutasaidia kitu, bora mauzo watuambie mapema gereji gani inataka mingi.

Namba za filta ziingizwe kwenye mfumo leo: oda 850, kiwango 618. Kwa sababu oda 12 ni chache kupimia mchepuko, kila mzigo ukiingia andikeni tarehe ya oda na ya rafu, nitarudia hesabu kila baada ya miezi 3, au mapema zaidi saplaya akipitisha siku 15.