Kutoka kiwambo cha sikio hadi neva: fuata mlio wa Hz 512

Maandalizi ya maabara ya fiziolojia, mwaka wa pili. Soma kabla ya zoezi la Alhamisi la uma wa sauti.

Uma wa Hz 512 ukigongwa kwenye kiwiko na kushikwa karibu na tundu la sikio, hewa husukuma na kuvuta kiwambo mara 512 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kwa takribani milisekunde 2. Hapo hakuna fumbo. Fumbo linaanza pale mtikisiko wa hewa unapotakiwa kuingia kwenye majimaji ya koklea. Sauti ikigonga majimaji moja kwa moja, takribani asilimia 99.9 ya nishati yake hurudi ilikotoka, hasara ya karibu desibeli 30. Sikio la kati lipo kufidia hasara hiyo.

Mpini wa nyundo umeshikamana na kiwambo. Nyundo inasukuma fuawe, fuawe inasukuma kikuku, na unyayo wa kikuku umekaa kwenye dirisha la yai. Eneo la kiwambo linalofanya kazi ni takribani milimita za mraba 55, la unyayo 3.2, kwa hiyo nguvu ileile inakusanywa kwenye eneo dogo mara 17. Mkono wa nyundo ni mrefu kuliko wa fuawe kwa uwiano wa 1.3. Zidisha: shinikizo linapanda mara 22 hivi, sawa na desibeli 27. Wengi hukosea kwa kuandika kuwa vifupa hivi vinaongeza nishati. Haviongezi hata chembe. Vinaongeza shinikizo tu.

Misuli miwili midogo hukaza mnyororo huu sauti ikiwa kubwa: wa kikuku unaoendeshwa na neva ya VII, na wa kiwambo unaoendeshwa na neva ya V. Huchelewa makumi ya milisekunde, hivyo mlio wa bunduki huwa umeshapita.

Kikuku kikisukumwa ndani, majimaji hayabonyei, kwa hiyo dirisha la duara lazima litokeze nje. Katikati ya madirisha hayo utando wa besila unainuka na kushuka. Una urefu wa milimita 35 hivi: chini, karibu na kikuku, ni mwembamba na mgumu, unaitikia sauti kali hadi Hz 20,000, kileleni ni mpana na mlegevu, unaitikia hadi Hz 20. Mlio wetu wa 512 hufikia kilele cha wimbi lake karibu milimita 10 kutoka mwisho wa kileleni.

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Utando unapoinuka, vinyweleo vya seli za nywele vinapinda kuelekea kile kirefu zaidi. Nyuzi zinazounganisha ncha zao hukazika na kufungua milango ya ayoni. Kinachoingia ni potasiamu, nayo inaichangamsha seli kwa kupunguza uhasi wake. Umezoea potasiamu kutoka kwenye seli; hapa inaingia, kwa sababu endolimfu inayozunguka vinyweleo ina K+ karibu milimoli 150 kwa lita na volteji ya +80 mV, wakati ndani ya seli ya nywele ya ndani ni karibu −45 mV. Tofauti ni 125 mV, na sehemu yake kubwa, ile +80 mV, inatengenezwa na stria vaskularis, siyo na seli yenyewe. Kisha potasiamu hutokea chini ya seli, upande wa perilimfu yenye K+ kidogo, bila kuhitaji pampu ya kuisukuma.

Mchangamko huo hufungua milango ya kalsiamu chini ya seli, glutameti inamwagwa, na nyuzi za ganglioni ya mviringo zinafyatua. Nyuzi takribani 30,000 kwa kila sikio, zaidi ya 9 kati ya 10 zikitoka seli za ndani, ambazo ni 3,500 tu. Seli za nje, karibu 12,000, zina kazi nyingine: protini ya prestini huzifanya zifupike na kurefuka na kukuza mtikisiko. Zikifa, unapoteza desibeli 40 hadi 60.

Uzi mmoja hauwezi kufyatua mara 512 kwa sekunde kwa muda mrefu. Unaruka mizunguko, lakini kila ukifyatua ni kwenye hatua ileile ya wimbi, na kundi zima kwa pamoja linabeba mdundo kamili hadi viini vya koklea kwenye shina la ubongo.

Maabarani, uma ukisikika vizuri zaidi kwenye mfupa wa nyuma ya sikio kuliko hewani, tafuta kasoro kabla ya koklea: usaha, kiwambo kilichotoboka, kikuku kilichoganda. Ukisikika hafifu kote, lakini hewani bado ni bora, shaka iangukie koklea au neva. Furosemaidi ya dozi kubwa mshipani huangusha ile +80 mV, mara nyingi kwa muda. Gentamisini ni mbaya zaidi: inapenya kwa milango ileile ya vinyweleo na kuua seli za nje, kuanzia chini ya koklea. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuusikia uma wa 512 bila shida huku sauti za Hz 8,000 zimeshampotea. Huyo apimwe kwa odiometa.