Maneno ya kuwajibu wateja: miamala ya simu iliyokwama, Ijumaa 27 Februari

Kwa wote mlio zamu ya mitandaoni na simu. Imetoka saa 8:00 mchana. Inafuta maneno yote tuliyotumia tangu asubuhi.

Kuanzia sasa msibandike tena ile "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, mafundi wetu wanalishughulikia." Tumeiweka chini ya machapisho ya watu tangu saa 5 na haijamsaidia hata mmoja. Mteja ana swali moja tu: hela yangu iko wapi? Jibu lisilogusa swali hilo linampandisha hasira, na ana haki ya kukasirika.

Kilichotokea

Saa 5:10 asubuhi seva yetu inayopokea majibu kutoka mitandao ya simu ilielemewa. Leo ni Ijumaa ya mshahara na tupo Ramadhani, watu wanatuma hela za futari nyumbani. Aplikesheni ilikata salio, ikapeleka agizo kwenye mtandao wa simu, halafu jibu la kuonyesha kama hela imefika au imekataliwa likakwama njiani. Baada ya dakika moja ya kusubiri, aplikesheni ikaandika "Muamala umeshindikana."

Hapo ndipo penye shida. Kwa baadhi ya wateja, hela imeshafika kwa mpokeaji ingawa skrini inasema imeshindikana. Kwa wengine imekatwa na imekaa kwetu, kwenye akaunti ya muda. Ipi ni ipi, tutajua tukimaliza kulinganisha hesabu zetu na za kila mtandao, muamala kwa muamala. Wenzetu wa hesabu wako kwenye kazi hiyo sasa hivi.

Kwa hiyo maneno mawili ni mwiko leo: "imerudishwa" na "jaribu tena." Asubuhi tulimwambia kijana mmoja wa Mbagala ajaribu tena. Alikuwa anamlipa fundi 180,000. Akajaribu mara mbili zaidi kama tulivyomwelekeza, na zote tatu zikafika. Fundi amepokea 540,000 na simu yake haipatikani. Kosa hilo ni letu, na jibu lake liko mwisho wa maelezo haya.

Huduma ya kutuma kwenda kwenye simu tumeifunga tangu saa 6:45 mchana ili hela nyingine zisikwame. Kadi, mashine za kutolea fedha, mawakala na matawi vinafanya kazi.

Tangazo la kubandika juu ya kurasa zetu zote

> Ndugu mteja, kama leo kati ya saa 5:10 asubuhi na saa 6:45 mchana ulituma hela kutoka akaunti yako kwenda kwenye simu, ukakatwa na mpokeaji anasema hajaipata: hela hiyo haijapotea. Hitilafu imetokea kwenye seva yetu.
>
> Tafadhali usirudie kutuma. Baadhi ya miamala iliyoandikwa "umeshindikana" imefika kwa mpokeaji, na ukirudia unaweza kulipa mara mbili.
>
> Kila muamala tunaukagua. Mpaka kesho Jumamosi saa 6:00 mchana, hela yako itakuwa imefika ulikoituma au imerudi kwenye akaunti yako pamoja na makato yake. Utapata ujumbe mfupi kukujulisha. Huhitaji kujaza fomu.
>
> Ukihitaji fedha taslimu leo, mashine zetu na mawakala wetu wanafanya kazi, na makato ya kutoa kwa wakala tumeyaondoa mpaka kesho saa 6:00 mchana. Mwenye dharura ya hospitali au dawa atuandikie neno DHARURA kwenye ujumbe wa faragha, atapigiwa simu.
>
> Hatutakuomba namba ya siri wala tarakimu za uhakiki. Taarifa nyingine tutaitoa hapa saa 10:00 jioni.

Taarifa ya saa 10 itoke saa 10, hata kama hakuna jipya. Kisha saa 12, kisha saa 2 usiku. Tukisema saa 10 halafu tukatokea saa 11, tangazo lote hapo juu halitaaminika tena.

Majibu chini ya machapisho ya wateja

Someni chapisho lote kabla ya kujibu, na anzeni na alichosema yeye. Kama ametaja kiasi au mtu aliyekuwa anamtumia, aone kwamba mmesoma. Ukiona ni mtu mzima, mwamkie kama ungemwamkia dirishani. Maneno haya ni ya kuanzia, msiyabandike neno kwa neno kwa watu hamsini waliopangana kwenye ukurasa mmoja.

Aliyekatwa, mpokeaji hajapata:

> Pole sana dada. Hela yako ipo, seva yetu ndiyo iliyokwama. Naomba usitume tena kwanza. Tutumie kwa ujumbe wa faragha namba ya kumbukumbu ya muamala, ile iliyo kwenye ujumbe wa kukatwa, nami nitaufuatilia na kukujibu humo humo leo. Kesho saa 6 mchana itakuwa imefika au imerudi kwako.

Ukiandika "nitaufuatilia," ufuatilie wewe. Ukimaliza zamu, mkabidhi mwenzako kwa maneno, na umwambie mteja umemkabidhi.

Ambaye aplikesheni imemwandikia "umeshindikana" lakini salio halijapungua:

> Kaka, kama salio halijapungua basi agizo halikutoka kwetu, hela yako iko kwenye akaunti. Huduma ya kutuma kwenye simu imefungwa kwa sasa, tutatangaza ikifunguliwa. Ukiwa na haraka, wakala wetu anatoa bila makato leo.

Aliyetoa hela kwenye simu kuleta benki, haijaingia: huyu ni tofauti, maana hela imetoka upande wa mtandao na kumbukumbu tunayohitaji ni ile ya mtandao wa simu. Msimwambie "wasiliana na mtandao wako." Tangu asubuhi amerushwa huku na kule kama mpira.

> Pole ndugu yetu. Tutumie kwa faragha namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa mtandao wako wa simu na saa uliyotuma. Sisi ndio tutakaozungumza nao, wewe usihangaike kupiga kote.

Aliyenunua umeme wa Luku, amekatwa na tokeni hazijaja: huyo yuko gizani au anakaribia. Msimwambie asubiri kesho. Chukueni namba ya mita kwa faragha, mpelekeeni msimamizi wa zamu, atapata tokeni kwanza na hesabu tutazifanya nyuma yake.

Aliyekosea namba ya mpokeaji: haihusiani na hitilafu ya leo. Mwambieni ukweli huo kwa upole, na mpitisheni kwenye utaratibu wa kawaida wa kuzuia muamala haraka, kwa kuwa kila dakika mpokeaji anaweza kuitoa.

Mama wa duka la dawa

Saa 6:20 mama mmoja aliweka picha. Yuko mbele ya kaunta ya duka la dawa Temeke, mfuko wa dawa uko upande wa pili wa kioo, skrini yake inaonyesha 46,000 imekatwa. Ameandika: "Mtoto ana homa, hela mmekula, muuzaji hajapata. Niende wapi?" Tulimjibu kwa ile ya "usumbufu uliojitokeza." Nimeisoma mara kadhaa na imeniuma. Hili ndilo lililopaswa kuwa jibu letu, na ndilo tulilomwandikia baadaye:

> Mama, tunaomba radhi, jibu letu la kwanza halikukusaidia kitu. Tumeona ujumbe wako wa faragha na tunakupigia sasa hivi. 46,000 tunakuwekea kwenye akaunti yako wakati tunaendelea kuitafuta ile ya kwanza, ulipe kwa kadi au utoe kwa wakala wa jirani. Mtoto apate dawa kwanza.

Mkurugenzi ameridhia: kwa dharura ya hospitali au dawa tunamwekea mteja mpaka 200,000 kabla ya ukaguzi kwisha. Ikija kuonekana ile ya kwanza ilifika, tutazungumza naye kwa heshima. Msimdai mtu karatasi ya daktari.

Matapeli

Wameshaingia. Wanafungua kurasa zenye nembo yetu na kujibu chini ya machapisho ya wateja kwa haraka kuliko sisi: "Pole, tuma namba ya kadi na namba ya siri turudishe hela." Wengine wanatuma ile ya siku zote, "hiyo hela itume kwenye namba hii." Mkiona, andikeni chini yake mara moja:

> Ndugu mteja, ukurasa ulioandika hapo juu si wetu. Usimpe mtu yeyote namba ya siri wala tarakimu za uhakiki, hata akisema ni mfanyakazi wa benki. Ukipigiwa na kutilia shaka, kata simu, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Na mteja akibandika hadharani picha yenye namba ya akaunti na salio, mwombeni aiondoe kabla ya kumjibu jambo lingine. Sisi wenyewe tusitaje hadharani salio, namba ya akaunti wala jina kamili la mteja, hata kama yeye ametangulia kuvitaja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata siku kama ya leo.

Wanaouliza ni kosa la nani, na wanaosema watatupeleka Benki Kuu

Wapo wanaoandika kwamba TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, umeanguka, na wapo wanaotukana mitandao ya simu. Msikubali lawama zihamie huko, hata kama kwetu ni nafuu:

> Hapana ndugu, TIPS na mitandao ya simu hawahusiki. Seva iliyoelemewa ni yetu.

Anayesema anakwenda Benki Kuu asibembelezwe wala kutishwa:

> Ni haki yako. Malalamiko yako tumeyaandikisha na namba yake tumekutumia kwa faragha. Usiporidhika na tutakavyoyamaliza, namba hiyo itakusaidia ukifika Benki Kuu ya Tanzania.

Namba hiyo itolewe kweli, papo hapo. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinatutaka tupokee malalamiko na kuyashughulikia, na chapisho la hadharani lenye hasira ni malalamiko kama barua.

Matusi yasifutwe, msijibizane nayo. Kinachofutwa ni namba za watu na viungo vya matapeli tu.

Kwa kijana wa Mbagala na wote waliolipa zaidi ya mara moja

Mpaka sasa tunao tisa. Wote walirudia kutuma baada ya sisi kuwaambia. Jibu hili liwafikie leo kabla ya kufuturu, kwa simu kwanza, kisha hadharani pale pale tulipowapotosha:

> Ndugu yetu, asubuhi tulikuambia ujaribu tena. Tulikosea, na kwa sababu hiyo umelipa mara tatu. 360,000 iliyozidi tumekurudishia kutoka fedha za benki, angalia salio lako. Kumtafuta aliyepokea ni kazi yetu sasa, wewe usigombane na fundi wako.