Maswali kwa mtoa mada: wapi ni kisa, wapi ni takwimu?

Ndugu Mtoa Mada,

Salamu, na ahsante kwa mada ya “Wanawake katika uongozi na elimu ya wasichana”, uliyoijenga juu ya dai kwamba viongozi wanawake huinua elimu ya wasichana. Muda wa maswali uliisha kabla kipaza sauti hakijatufikia sisi wa nyuma, ukatuomba tuandike. Haya ni yangu, yakifuata slaidi zako. Sina ugomvi na visa. Tatizo langu ni kwamba mara kadhaa kisa cha mtu mmoja kiliisha, likaja “kwa hiyo”, na baada yake dai linalowahusu wasichana wote.

Slaidi ya 3: msichana aliyekuwa mhandisi

Ulitusimulia kuhusu msichana aliyemsikia mbunge mwanamke akihutubia shuleni kwao, akaazimia kusoma, na leo ni mhandisi. Ukumbi ulipiga makofi, nami nikapiga. Lakini siku ile hotuba ilisikilizwa na shule nzima. Je, wenzake waliokaa naye kwenye benchi moja wako wapi? Ulimpata yeye kwa kuanzia kwenye orodha ya wanafunzi waliokuwepo siku hiyo, au ulianzia kwa wahandisi ukarudi nyuma kutafuta nani ana kisa kizuri? Ukianzia kwa waliofanikiwa, kila hotuba duniani itaonekana imezaa matunda.

Kuna jambo jingine ulilitaja kwa mdomo tu, halimo kwenye slaidi: mama yake alikuwa mwalimu. Ulilipita haraka. Kwa nini kisa hiki kimewekwa chini ya kichwa cha uongozi wa wanawake, na si chini ya elimu ya mama? Ushahidi uleule, kichwa tofauti, na dai linabadilika kabisa.

Slaidi ya 7: grafu ya Rwanda

Hapa naomba unisikilize kwa kirefu, kwa sababu ndipo mada yako ilipobeba uzito wake wote.

Grafu ina mistari miwili inayopanda: wanawake bungeni na wasichana shuleni. Mstari wa kwanza sina shaka nao. Katiba ya 2003 iliweka angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi kwa wanawake, na uchaguzi wa 2008 ukalifanya Bunge la Rwanda kuwa la kwanza duniani ambamo wabunge wanawake ni wengi kuliko wanaume, viti 45 kati ya 80. Hiyo ni hesabu. Tatizo ni kishale ulichokichora kutoka mstari mmoja kwenda mwingine.

Mwaka huohuo wa 2003 Rwanda ilifuta ada ya shule za msingi. Mwaka 2009 ikaanza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa. Je, unatenganishaje athari ya wabunge wanawake na athari ya mzazi kutodaiwa ada? Grafu yako haiwezi kujibu, maana haina kundi la kulinganisha. Njia moja rahisi ni kutuwekea mstari wa wavulana. Kama nao ulipanda kwa mwinuko uleule, basi tunachokiona huenda ni ada, na bunge tutalitafutia ushahidi mahali pengine. Kama pengo kati ya wasichana na wavulana lilipungua zaidi baada ya bunge kubadilika, hapo utakuwa na jambo la kuzungumza.

Halafu kishale chenyewe: una hakika hakielekei upande wa pili? Mwanamke anayeingia bungeni leo alikuwa darasani miaka 20 au 30 iliyopita. Huenda nchi iliyosomesha wasichana zamani ndiyo inayopata viongozi wanawake sasa. Au zote mbili zinavutwa na jambo la tatu, kwa mfano serikali iliyoamua kubadilisha mambo mengi kwa pamoja baada ya mauaji ya kimbari ya 1994.

Jambo dogo la kiufundi: mhimili wa kushoto unaanzia sifuri, wa kulia hauanzii sifuri. Mistari miwili yenye mihimili miwili inaweza kupandishwa sambamba hata kama moja ni idadi ya wabunge na nyingine ni bei ya saruji. Naomba faili la data, hata kama ni jedwali la kawaida.

Slaidi ya 9: mwenyekiti wa kijiji nchini India

Hapa ndipo nilipobaki nashangaa. Ulikuwa na takwimu nzuri kuliko zote mkononi, ukatusimulia kisa cha mwenyekiti mmoja mwanamke aliyefungua kisima.

Marekebisho ya 73 ya katiba ya India, ya mwaka 1992, yalitenga theluthi moja ya nafasi za wenyeviti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Vijiji vilivyotengewa nafasi hizo havikuchaguliwa kwa sababu vilikuwa na mwamko kuliko vingine. Vilipangwa kwa utaratibu wa zamu unaokaribia bahati nasibu. Ndiyo maana mtafiti anaweza kulinganisha kijiji chenye mwenyekiti mwanamke na kisicho naye bila kuogopa kwamba vilitofautiana tangu mwanzo. Kile kilichokosekana kwenye grafu ya Rwanda kipo hapa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la *Science*, uliofanyika katika vijiji 495 vya Bengali Magharibi, ulikuta kwamba palipokuwa na wenyeviti wanawake kwa awamu mbili, pengo la matarajio kati ya vijana wa kike na wa kiume lilipungua kwa asilimia 32, na pengo la kiwango cha elimu waliyofikia likafutika. Wasichana pia walitumia muda mfupi zaidi kwenye kazi za nyumbani. Swali langu ni fupi: kwa nini hili halikuwa kwenye slaidi, na mwenyekiti mmoja aliyefungua kisima alikuwepo?

Ukiliweka, naomba uweke na mipaka yake. Ni jimbo moja. Ni viongozi wa kijiji, ambao watoto huwaona njiani kila siku. Je, mbunge aliyeko mji mkuu ana athari ileile? Na watafiti hawakuona fursa za ajira za wasichana zikibadilika, wakahitimisha kwamba kilichofanya kazi zaidi ni kuwa na mfano wa kuigwa. Hitimisho hilo linaisaidia mada yako, lakini linagongana na slaidi yako ya 10, inayosema wanawake viongozi huinua elimu kwa kubadilisha bajeti. Unashikilia lipi kati ya hayo mawili?

Slaidi ya 11: uandikishaji

Ni ghafi au halisi? Nauliza kwa sababu baadhi ya nguzo zako zinavuka 100. Uandikishaji ghafi huhesabu kila aliye darasani, wa umri wowote, kisha hugawa kwa idadi ya watoto wenye umri wa darasa hilo. Ukiwa na waliorudia na waliochelewa kuanza, 100 inapitwa bila shida. Na je, una takwimu za waliomaliza? Kuandikishwa Januari na kukaa kwenye chumba cha mtihani miaka saba baadaye ni mambo mawili, na wasichana wengi hupotea katikati.

Slaidi ya 12: taulo za kike

Uliweka ushuhuda wa msichana mmoja, kisha ile takwimu maarufu kwamba msichana mmoja kati ya kumi barani Afrika hukosa shule kwa sababu ya hedhi. Ilikusanywa wapi, mwaka gani, kwa kuwauliza nani? Nimeikuta kwenye vipeperushi vingi, kila kimoja kikinukuu kingine.

Jaribio lililofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2011, la kugawa vikombe vya hedhi kwa wasichana waliochaguliwa kwa bahati nasibu, lilikuta kwamba hedhi iliwakosesha shule chini ya siku moja kwa mwaka, na vikombe havikubadilisha mahudhurio. Sampuli ilikuwa ndogo na Nepal si kila mahali. Bado, ni hesabu iliyopatikana kwa kulinganisha, na inapingana na slaidi yako. Unaijibu vipi?

Maoni yangu binafsi: msichana apewe taulo hata kama mahudhurio hayatasogea hata siku moja, kwa sababu ni haki yake kukaa darasani bila fedheha. Kwa nini tuitundike hoja hiyo kwenye takwimu isiyojulikana ilikotoka? Siku mtu atakapoiangusha takwimu, ataangusha na taulo.

Slaidi ya 13

Kwamba mwanamke hurudisha asilimia 90 ya kipato chake kwa familia. Chanzo? Kama hakipo, naomba ifutwe.

Yale majibizano kuhusu Thatcher

Mzee mmoja wa mbele alipinga kwa kusema Margaret Thatcher alitawala Uingereza miaka 11, na katika muda wote huo baraza lake la mawaziri lilipata mwanamke mwingine mmoja tu. Ukamjibu kwa Ellen Johnson Sirleaf, rais wa zamani wa Liberia. Makofi tena. Mimi naona mlitoka sare: yeye ana kisa, wewe una kisa. Je, ungekubali kisa chake kuwa ushahidi dhidi ya mada yako? Kama hukubali, kwa kigezo gani cha wewe kutumia chako?

Niongeze mfano mmoja unaochanganya mambo kidogo. Mwaka 2006 jimbo la Bihar, India, chini ya waziri mkuu wa jimbo mwanamume, lilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli. Watafiti hawakuridhika na kuona wasichana wameongezeka. Waliwalinganisha na wavulana wa Bihar, kisha na jimbo jirani la Jharkhand lisilokuwa na mpango huo. Uandikishaji wa wasichana katika sekondari ulipanda kwa asilimia 32. Sasa nauliza: mada yako inatabiri nini kuhusu viongozi wanaume wanaoondoa kikwazo halisi kama umbali? Na je, kuna mahali popote ulipoona ikilinganishwa sera ileile, upande mmoja kiongozi akiwa mwanamke na upande wa pili mwanamume?

La mwisho, kuhusu mpangilio

Unarudia mada hii kwa kundi la pili wiki ijayo. Je, utakubali kuweka alama ndogo pembeni ya kila slaidi, “kisa” au “takwimu”, na kwenye zile za takwimu uandike mwaka, idadi ya waliohesabiwa na waliolinganishwa nao? Msichana mhandisi abaki, ila ahamie baada ya Bengali Magharibi, aoneshe *jinsi* inavyotokea kwa mtoto mmoja, baada ya sisi kujua kwamba *inatokea*. Niko tayari kukusaidia kuichora upya slaidi ya 7. Ukinitumia jedwali kabla ya Alhamisi, mstari wa wavulana nitauweka mimi.

Wako,
Mwalimu wa hisabati, kundi la kwanza, safu ya nyuma