Duka letu la Mwananyamala linafungwa Jumamosi hii, asanteni kwa miaka 26

Habari za jioni majirani zangu, wateja wangu, wanangu wote wa mtaa huu na nyie mliohama ila bado mnapita kusalimia. Poleni na majukumu.

Wengine mmeshasikia juujuu pale dirishani, kwahiyo bora niseme mwenyewe kwa mdomo wangu. Duka tunalifunga. Jumamosi hii tarehe 31 Januari 2026 ndo siku ya mwisho. Halihami, halibadilishi mwenyewe, sio kwamba nafunga nifanye ukarabati. Linafungwa moja kwa moja.

Sababu ni hii. Mwenye nyumba wetu alifariki, Mungu amrehemu, watoto wake wakakaa kikao cha familia wakakubaliana kuuza kiwanja na aliyenunua anataka kujenga ghorofa, kwahiyo fremu zote nne zinavunjwa. Nimesikia maneno yanazunguka kwamba nimetolewa kwa nguvu. Hapana jamani, naomba hayo maneno yaishe. Wale vijana waliniita mapema wakanipa miezi sita nijipange, na kodi ya miezi mitatu ya mwisho hawakuichukua, wakaniambia mama wewe umekaa na baba yetu vizuri. Mimi na wao tumeachana kwa heshima na hata leo wakipita wananiamkia.

Fremu nyingine nimetafuta, sitaki kuwadanganya. Nimezunguka mpaka Kinondoni Shamba, kodi niliyotajiwa ni laki mbili na nusu kwa mwezi na wanataka ya mwaka mzima mkononi, sasa duka la kuuza sukari robo na mafuta ya kupima faida yake mnaijua, kilo ya sukari unabaki na mia, mia mbili, hiyo kodi utaitoa wapi bila kupandisha bei kwa watu walewale. Na mimi nina miaka 63, magoti hayaruhusu tena kuamka saa kumi alfajiri kufuata mzigo Kariakoo. Nikakaa na wanangu tukaongea, nikaona nimalize nikiwa bado nasimama mwenyewe nyuma ya dirisha, nisisubiri mpaka nifungiwe na deni au na ugonjwa.

Tulifungua Julai 1999, mimi na marehemu mume wangu. Tulianza na mizani ya mawe, debe la mafuta ya taa, gunia moja la sukari, katoni mbili za sabuni na majani ya chai. Mafuta ya taa ndo yalikuwa biashara yenyewe, jioni foleni ya watoto na vichupa mpaka barabarani. Mgawo wa umeme wa 2006 tuliuza mishumaa mpaka tukawa tunamkatia kila mtu miwili miwili ili ienee. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 tukarudi kwenye kufunga sukari kwa karatasi kama zamani, na wengi mlicheka mlipoona bado naikunja ile pembe haimwagi hata chembe. 2020 mkaniletea ndoo ya maji na sabuni mkaiweka wenyewe hapo nje, sikununua mimi. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 nikawauzia robo robo kila nyumba, kuna wateja walinikasirikia maana walitaka kilo tano na hela walikuwa nayo mkononi. Nawaomba radhi ila ningerudia tena kufanya vile, kuna nyumba zina watoto na wagonjwa wa uji.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Mume wangu alifariki 2009. Duka lilifungwa siku nyingi, na kusema kweli nilijua ndo basi, maana mzigo wa mwisho aliuchukua Kariakoo kwa mali kauli na mimi yule mwenye mali hata sura yake sikuwa naijua vizuri, yeye ndo alikuwa anakwenda. Siku ya tatu ya msiba akaja mama mmoja akanisalimia akaniachia bahasha chini ya mkeka. Nikajua ni rambirambi. Usiku nafungua, ndani kuna elfu nne na mia sita na kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, sukari kilo mbili, unga, kiberiti. Lilikuwa deni lake. Kesho yake wakaja wengine, na kesho kutwa. Watu walikuwa wanalipa madeni msibani bila mtu kuwauliza, na daftari lenyewe mimi nilikuwa sijalifungua hata ukurasa mmoja. Kuna waliolipa ambao hata kwenye daftari hawakuwepo, marehemu aliwakopesha kwa kichwa tu. Hizo hela ndo nilizopanda nazo daladala kwenda Kariakoo, nikamtafuta yule mwenye mali, nikamuhesabia mezani. Akanyamaza, halafu akamwambia kijana wake mpakilie mama mzigo mwingine. Kwa mali kauli, mimi mjane ambaye hanijui.

Kwahiyo mnaponiambia mama umetusaidia sana mtaani huwa nakosa cha kujibu. Duka hili tangu 2009 mlilibeba nyie. Wanangu watatu wamesoma kwa hilo dirisha, wa mwisho amemaliza chuo mwaka juzi.

Nawashukuru watoto wa mtaa huu, na wengine sasa ni watu wazima mna watoto wenu. Mlikuwa mnakuja na hela mmeifumbata mpaka imelowa jasho, kidevu kwenye ile mbao ya dirishani, mmesahau mlichotumwa. Nawauliza mama anapika nini, mnasema maharage, basi nawapa kitunguu na nazi na kweli ndo mlichotumwa. Ile mbao imelika katikati kwa ajili ya shilingi na videvu vyenu, nimemuomba fundi aitoe taratibu siku ya kuvunja, hiyo naondoka nayo nyumbani.

Nawashukuru wabeba mzigo na vijana wa bodaboda wa hapo kona ambao kuna siku nimewatuma mbali kwa ahadi ya kulipa jioni. Nawashukuru mlionigongea usiku. Kuna aliyenigongea saa nane mkewe ameshikwa uchungu anataka beseni na sabuni na maji, nikafungua nikiwa na kanga tu, na yule mtoto sasa hivi yuko darasa la sita na ananiita bibi.

Sasa mambo ya daftari, tafadhali someni hapa vizuri.

Kwanza mimi ndo nadaiwa na nyie. Kuna daftari dogo la kijani ambalo wengi hamlijui, humo naandika chenji nilizokosa kuwarudishia, mia mbili, mia tano, elfu. Mnasema acha tu mama nitachukua kesho, halafu hamrudi. Nimekaa na mjukuu tumepiga hesabu, ni watu 31, jumla elfu ishirini na nane na mia tatu. Hizo hela nimeshazitenga kwenye kopo. Pita uulize jina lako, hata kama ni mia mbili naomba uje uichukue, sitaki kuondoka na mia ya mtu.

Pili, vitu vyenu mlivyoniachia. Nina funguo za nyumba tatu, kitambulisho kimoja cha taifa, kadi ya kliniki ya mtoto, miwani, na mfuko wenye viatu vya shule vipya kabisa vya kike. Njooni mchukue kabla ya Jumamosi. Ambavyo havitachukuliwa nitavipeleka kwa mjumbe.

Tatu, mnaodaiwa. Sitabandika jina la mtu ukutani na sitamtuma mtoto kwenda kudai mlangoni kwa mtu. Mwenye nayo alete, mwenye nusu alete nusu, asiyenayo aje tu tuagane, asikatishe uchochoro kunikwepa maana hilo ndo litaniumiza kuliko hela. Waliotangulia mbele ya haki nimeshawafuta wote. Daftari simuachii mtu yeyote. Na naomba mshike hili sana, uwakala wa kutuma na kutoa pesa nimeshasimamisha na laini nimerudisha, kwahiyo mtu yeyote akikupigia simu au akikutumia meseji kwamba ni mimi au ni mwanangu anakusanya madeni, usitume hata shilingi. Mimi hela napokea dirishani kwa mkono wangu.

Bidhaa zilizobaki zinauzwa kwa bei niliyonunulia kuanzia Alhamisi asubuhi. Mchele, maharage, sabuni za miche, madaftari ya shule, ndala. Naomba msichukue kwa jumla kwenda kuuza, kila nyumba ipate kidogo. Friza na shelfu zimeshapata mtu. Mizani nimempa yule binti anayeuza genge la nyanya na dagaa hapo mbele, sio kuuza, nimempa, maana nimemuona miaka minne anapima kwa kopo na hajawahi kumpunja mtu.

Mnaniuliza mtanunua wapi. Kuna yule kijana wa Kimachame wa duka la kona. Watu walidhani tuna ugomvi kwa sababu tunauza vitu vilevile. Hatujawahi kugombana hata siku moja, mimi nikiishiwa chumvi nachukua kwake na yeye akiishiwa chenji anakuja kwangu. Nendeni kwake, mpeni ushirikiano, nimeshaongea naye kuhusu wale wazee wawili wanaochukua vitu mpaka pensheni itoke na amekubali kuendelea nao vilevile.

Mimi sihami, nitakuwepo nyumbani palepale. Nitapumzika kwanza, nitakwenda Pangani kumuona dada yangu ambaye miaka yote hii namtembelea siku mbili mbili narudi mbio kwa ajili ya duka, safari hii nitakaa mwezi. Nikirudi mtanikuta barazani.

Kama kuna niliyemjibu vibaya nikiwa nimechoka, au niliyemnyima mkopo siku ambayo kweli alikuwa na shida, au niliyempimia pungufu bila kujua, naomba mnisamehe kwa moyo mmoja. Na mimi sina kinyongo na mtu.

Jumamosi nafungua saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, nafunga saa moja usiku. Kahawa na kashata vitakuwepo nje kuanzia saa kumi jioni, mje mkae kidogo. Na mama wa maandazi, najua Jumapili ndo siku yako kubwa, ngano yako kilo nne na hamira nimeshakuwekea pembeni, usihangaike.